Kilomita au tarehe? Zigeuze zote ziwe tarehe

*Swali: "Nyumbani tuna magari mawili. Probox nazunguka nayo kwa wateja kila siku. IST anaendesha mama watoto, kazini na kanisani tu. Fundi akimwaga oili anabandika stika ya kilomita 5,000. Probox inaipita ile stika kabla sijashtuka, na IST inamaliza mwaka haijaifikia. Nifuate kipi, na simu inikumbusheje?" (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)*

Fuata vyote viwili, na kitakachotangulia ndicho kikupeleke gereji. Kinachokukwamisha ni kwamba simu inajua tarehe lakini haioni dashibodi. Kwa hiyo kazi yako ni moja: geuza kilomita zilizobaki ziwe tarehe, uilinganishe na tarehe ya miezi, kisha uiwekee kengele ile iliyo karibu zaidi. Ukishajua gari lako linatembea kilomita ngapi kwa siku, hesabu yenyewe ni kutoa na kugawanya.

Kwanza nieleze kwa nini IST haiwezi kuachiwa stika peke yake, kwa sababu wengi huona gari lisilotembea halichoki. Injini inapochoma petroli hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya kwenye pistoni na kushuka chini kwenye oili pamoja na petroli kidogo ambayo haijaungua. Gari likienda mwendo mrefu, oili hupata moto wa kutosha na maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Likienda dakika 10 na kuzimwa, maji hubaki humo. Safari fupi zikirudiwa miezi na miezi, oili huwa imebeba maji, petroli na asidi, na dawa zilizotiwa kiwandani za kupambana na hivyo zinaisha nguvu wakati odomita haijasogea. Fungua kifuniko cha kumiminia oili cha IST asubuhi injini ikiwa baridi, ukigeuze uangalie ndani. Ukikuta utando mweupe wa rangi ya maziwa ya mgando, ndiyo hayo maji. Hapo angalia pia tanki dogo la kulanti. Kama kiwango chake hakishuki wiki hadi wiki, tatizo huwa ni safari fupi. Kama kinashuka, lipeleke gari kwa fundi aangalie gasketi ya silinda hedi, hiyo si habari ya ratiba tena.

Mafuta ya breki ndiyo yanayopuuzwa zaidi, nayo hayajali kilomita hata kidogo. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko, gari likitembea au likiwa limeegeshwa, na hewa ya Dar haijakauka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki, mafuta yaliyochoka yanaweza kuchemka ndani ya paipu, na viputo vya mvuke hubanwa kirahisi: pedali inazama na gari halisimami. Ndiyo maana kwenye ratiba mafuta ya breki hupewa miezi 24 bila kilomita.

Sasa ratiba yenyewe. Kitabu cha gari lako ndicho cha kwanza kusikilizwa. Kama hukukipata, kwa Probox na IST za petroli za injini ya 1NZ na 2NZ, anza na hivi. Oili na filta yake, kilomita 5,000 au miezi 6. Injini hizi zote mbili huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni la lita 4 linatosha na kinachobaki ni cha kujazia. Ea klina, kilomita 20,000 au miezi 12, ila ifunguliwe na kutazamwa kila unapomwaga oili, maana barabara ya vumbi huimaliza mapema. Kulanti nyekundu ya kawaida ya Toyota, kilomita 40,000 au miezi 24. Ile ya pinki hukaa zaidi, basi fuata maandishi ya kopo, na usichanganye bila kujua iliyomo ni ipi. Plagi za kawaida, kilomita 20,000 bila miezi. Za iridiamu huenda hadi 100,000. Mafuta ya breki, miezi 24. Bima nayo ina mstari wake, miezi 12 bila kilomita, kwa sababu jedwali moja linaweza kubeba vyote. Tambua kwamba injini hizi zina cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo mtu akikuambia ubadilishe taimingi belti kwa kilomita fulani, anazungumzia gari jingine.

Tengeneza faili moja la Google Sheets kwa kila gari, usiyachanganye. Ndani ya faili weka kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uite `Odo`, na una safu mbili tu: A ni tarehe, B ni kilomita ulizosoma kwenye dashibodi. Mstari wa kwanza ni wa vichwa vya habari, namba zinaanzia mstari wa 2. Ukurasa wa pili uite `Ratiba`. Juu yake, kwenye safu ya B, kuna namba tatu zinazojijaza zenyewe: kilomita za sasa, siku ulipozisoma, na wastani wa kilomita kwa siku.

```
B1: =MAX(Odo!B2:B)
B2: =MAX(Odo!A2:A)
B3: =(LARGE(Odo!B2:B,1)-LARGE(Odo!B2:B,5))/(LARGE(Odo!A2:A,1)-LARGE(Odo!A2:A,5))
```

Hiyo ya tatu inachukua usomaji wa mwisho na ule wa tano kwenda nyuma. Ukisoma mara moja kwa wiki, maana yake ni wastani wa wiki nne zilizopita, na huo ndio wastani ninaouamini. Wastani wa mwaka mzima ni mzito mno, haujui kwamba mwezi huu umepata mteja mpya Kibaha. Wa wiki moja nao unayumba kwa msiba mmoja wa Bagamoyo. Wiki nne za mwanzo, kabla hujafikisha usomaji wa tano, B3 italeta kosa la `#NUM!`. Andika humo makadirio yako kwa mkono, halafu uweke fomula baadaye.

Chini, mstari wa 5 ni wa vichwa na kazi zinaanzia mstari wa 6. Safu A ni jina la kazi, B ni kila kilomita ngapi, C ni kila miezi mingapi, D ni kilomita siku kazi ilipofanyika, E ni tarehe ya siku hiyo. Hizo tano unaandika mwenyewe. Zinazofuata ni fomula, unaziandika kwenye mstari wa 6 kisha unaziburuta chini:

```
F6: =IF(B6="","",D6+B6)
G6: =IF(C6="","",EDATE(E6,C6))
H6: =IF(B6="","",$B$2+(F6-$B$1)/MAX($B$3,1))
I6: =MIN(G6:H6)
J6: =IF(I6<=TODAY(),"IMEPITA",IF(I6<=TODAY()+14,"KARIBU","BADO"))
```

F ni kilomita za zamu ijayo. G ni tarehe ya zamu kwa miezi. H ndiyo moyo wa jedwali: inachukua kilomita zilizobaki, inazigawanya kwa mwendo wako wa siku, na kukupa tarehe ambayo stika itafika. I inachagua ya mapema kati ya hizo mbili. Kazi isiyo na kilomita, kama mafuta ya breki, uiachie B tupu na MIN itatumia tarehe peke yake. Lile `MAX($B$3,1)` lipo kwa ajili ya gari lililolala: mwendo ukiwa sifuri huwezi kugawanya, basi tunalihesabia angalau kilomita 1 kwa siku.

Tuyapitishe magari yako mawili humo, kwa namba za mfano. Tuseme yote yalimwagwa oili siku moja, tarehe 12 Januari 2026. Probox ilikuwa na kilomita 187,420. Ukaisoma kila Jumapili: tarehe 18 Januari ilikuwa 187,930, tarehe 25 ikawa 188,520, tarehe 1 Februari 189,130, tarehe 8 ikawa 189,710, na tarehe 15 Februari 190,310. Kutoka usomaji wa kwanza hadi wa tano ni kilomita 2,380 kwa siku 28, yaani 85 kwa siku. Zamu ijayo ni 192,420. Zimebaki 2,110, ukigawanya kwa 85 unapata karibu siku 25, na safu H inaandika tarehe 11 Machi. Kwa miezi ilikuwa tarehe 12 Julai. Kilomita zimetangulia kwa miezi minne, na wewe ulikuwa unajua tu kwamba "bado sana".

IST siku ile ile ya Januari ilikuwa 96,300. Tarehe 18 Januari ilisomeka 96,345, na tarehe 15 Februari 96,569. Hizo ni kilomita 224 kwa siku 28, yaani 8 kwa siku. Stika inasema 101,300, kwa hiyo zimebaki 4,731, na kwa mwendo huo itafika mwishoni mwa Septemba 2027. Oili ingekaa ndani ya injini zaidi ya miezi 20. Safu I inaipuuza tarehe hiyo na kuandika tarehe 12 Julai 2026, siku ambayo gari litakuwa limetembea kama kilomita 1,450 tu tangu oili iwekwe. Najua inauma kumwaga oili ambayo kwa macho bado inaonekana safi. Lakini weusi wa oili hauonyeshi maji wala asidi vilivyomo, na lita 4 za oili haziwezi kulinganishwa na gharama ya kufungua injini.

Jedwali halipigi kelele. Neno `IMEPITA` litakaa pale kimya mpaka ulifungue mwenyewe. Kengele inatoka kwenye kalenda ya simu, na unahitaji aina mbili tu. Ya kwanza ni ya kujirudia: kila Jumapili saa 12 jioni, "Soma odomita". Magari yote mawili yakiwa nyumbani, unasoma, unaandika kwenye `Odo`, na papo hapo unachomoa kijiti cha oili, unapangusa, unapima. Injini yenye umri wa kilomita 190,000 inaweza kula oili, na hakuna tarehe itakayokuonyesha hilo. Ya pili ni ya kazi yenyewe: chukua tarehe ya safu I, ifanye tukio kwenye kalenda, na uwekee taarifa siku 14 kabla na siku 3 kabla. Ya siku 14 ni ya kutafuta pesa na filta sahihi, ya siku 3 ni ya kumpigia fundi. Tukio liandike kwa ukamilifu: "Probox, oili + filta, 192,420". Ukiandika "servisi" peke yake, miezi ikipita hutakumbuka ni servisi ya nini.

Kwa Probox, tarehe ya safu I itasogea kila Jumapili, kwa sababu mwendo wako unabadilika. Usihangaike kuisogeza kengele kwa tofauti ya siku mbili tatu. Isogeze ikihama wiki nzima, au jedwali likibadilika kutoka `BADO` kwenda `KARIBU`. Ya IST haitasogea, ukiiweka mara moja imetosha.

Ukipanga safari, usisubiri wastani ukuambie. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Kwenda na kurudi ni 900, ambazo kwa mwendo wa Probox wa kawaida ni siku 10 au 11 zilizomezwa na mwisho wa wiki mmoja. Kabla ya kuondoka, toa urefu wa safari kwenye kilomita zilizobaki. Kama zilizobaki ni chini ya safari nzima, mwaga oili kabla ya kuondoka. Ukirudi, wastani wako utakuwa umevimba kwa wiki nne, tarehe zitaonekana karibu kuliko zilivyo, kisha zitarudi zenyewe.

Makosa ninayoyaona kwenye majedwali ya namna hii ni machache na yana dalili zake. La kwanza ni sifuri ya ziada. Ukiandika 1903100 badala ya 190310, MAX itaing'ang'ania namba hiyo daima, kila kazi yenye kilomita itaandikwa `IMEPITA`, na B3 itasema gari linatembea kilomita zaidi ya 61,000 kwa siku. Kwa hiyo kila Jumapili tupia jicho B3 kwanza. Ikiwa si namba unayoifahamu, rudi `Odo` utafute kosa. Namba iliyopungukiwa na tarakimu ni mbaya zaidi kwa sababu MAX hairuki, inaificha tu, lakini B3 nayo itakuwa imepotoka kidogo.

La pili ni tarehe. Ukiandika 03/08, faili lililowekwa kwa mtindo wa Kimarekani litasoma tarehe 8 Machi wakati wewe ulimaanisha 3 Agosti. Andika `2026-08-03`, mwaka kwanza, hakuna kubahatisha. Na safu za G, H na I zikikuonyesha namba kama 46023 badala ya tarehe, hakuna kilichoharibika. Hiyo ni tarehe 1 Januari 2026 kwa hesabu ya ndani ya Sheets. Chagua seli hizo, ingia `Format`, `Number`, `Date`. Fomula zikikataa kabisa, jaribu kubadilisha alama za mkato ndani yake ziwe `;`, kwa kuwa baadhi ya mipangilio ya nchi inataka hivyo.

La tatu linatoka kwa mtu, si kwa simu: kazi inafanyika, unabadilisha D unasahau E. Hapo kilomita zinaanza upya lakini miezi inaendelea kuhesabu ya zamani. Vibadilishe vyote viwili ukiwa bado gereji, kabla hujawasha gari. Na uandike kilomita za siku ile kazi ilipofanyika kweli. Kama zamu ilikuwa 192,420 ukachelewa hadi 193,100, inayofuata ni 198,100. Ukiendelea kuhesabu kutoka 192,420 utamwaga oili nzuri mapema bila faida. Mwombe pia fundi aandike tarehe kwenye stika pamoja na kilomita, ili hata simu ikipotea gari libaki na kumbukumbu yake.

Kuna jambo moja ambalo odomita haioni, nalo linaihusu Probox moja kwa moja. Ni foleni. Gari likitembea kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 100 za injini. Likijikokota kwa wastani wa 25, kilomita zile zile ni saa 200, na nyingi kati yake injini inaunguruma pale pale upepo haupiti kwenye rejeta. Kama sehemu kubwa ya siku yako inaishia Buguruni na Ubungo, kwenye safu B ya oili andika 4,000 badala ya 5,000. Kwa mwendo wa 85 kwa siku, zamu itakuwa kila siku 47 hivi badala ya 59. Hiyo ni hukumu yangu, na kwa gari la biashara sitaibadilisha.

Limebaki swali la siku ya kwanza: D na E uziandike nini kama hujui kazi ilifanyika lini? Kwa oili na ea klina, usikisie. Zifanye wiki hii, na siku hiyo iwe mwanzo. Kwa kulanti na mafuta ya breki, kama huna risiti wala mtu wa kuapa, zichukulie zimepita na uzipangie mwezi huu na ujao. Plagi zifunguliwe zitazamwe, fundi akisema bado nzuri, zipe nusu ya umri wake, yaani 10,000. Na kabla hujakata tamaa, fungua mlango wa dereva uangalie pembeni mwa mlango na nguzo yake, kisha chini ya boneti. Magari mengi kutoka Japani huja na stika ndogo ya Kijapani ya kumwaga oili au kubadili filta, yenye tarehe na kilomita. Mwaka wake mara nyingi ni wa enzi ya mfalme wao: R ni Reiwa, jumlisha 2018, kwa hiyo R5 ni 2023. H ni Heisei, jumlisha 1988, kwa hiyo H30 ni 2018. Angalia kilomita zake kabla hujazinakili kwenye D, kwa sababu stika hizo mara nyingi hubeba mbili, za siku ya kazi na za zamu inayofuata, na kubwa ndiyo ya zamu inayofuata. Zikiwa kubwa kuliko za kwenye dashibodi yako kwa makumi ya maelfu, mtu amezirudisha kilomita nyuma, na hapo kila kazi iliyo kwenye ratiba ianze upya leo.